Mwili Uliozoea Dawa na Moyo Uliotekwa na Dawa

Katika nyumba nyingi za Goma hutamkwa neno moja juu ya mgonjwa anayemeza dawa za kutuliza maumivu kwa muda mrefu: "Amezoea." Neno hilo husemwa kwa sauti ya chini, kana kwamba mgonjwa ameiba kitu. Na kijana anayenunua vidonge hivyo hivyo sokoni ili apate kulewa, yeye naye husemwa vivyo hivyo: "Amezoea." Basi watu wawili wenye hali mbalimbali kabisa hubandikwa jina moja, na kwa sababu ya jina hilo wagonjwa wengine hunyang'anywa dawa na jamaa zao wenyewe wanaowapenda.

Kosa hilo si letu peke yetu. Hata wataalamu walilifanya. Mwaka 1964 kamati ya Shirika la Afya Duniani iliona kwamba majina ya zamani yanachanganya watu, ikaamua kutumia neno moja tu, utegemezi, kwa dawa zote. Lakini neno hilo nalo lilibeba mambo mawili, na kwa miaka mingi waganga walipoandika kwamba mgonjwa ana utegemezi, msomaji hakujua ni utegemezi gani. Ndiyo sababu mwaka 2013 Chama cha Waganga wa Akili cha Amerika, katika kitabu chake cha kupambanua magonjwa, kiliacha neno hilo. Tena kilisema wazi kwamba mgonjwa anayefuata maagizo ya mganga asihesabiwe kuwa mraibu kwa sababu tu mwili wake umeizoea dawa, au kwa sababu anaugua akiikosa.

Hapa tutatumia majina mawili. La kwanza ni mazoea ya mwili. La pili ni uraibu, yaani utumwa wa dawa. Tutazungumza hasa juu ya tramadoli, maana ndiyo inayojulikana sana kwetu. Lakini mengi yatakayosemwa yahusu pia mofini na kodeini, ambazo ni za ukoo mmoja nayo. Parasetamoli na ibuprofeni si za ukoo huo.

Ili tuelewe mazoea ya mwili, mtazame mwenye chukudu apandishapo mlima na magunia ya makaa. Ameinama mbele, miguu imekaza, mabega yanasukuma. Uzito wamrudisha nyuma, naye asukuma mbele kwa kadiri ile ile. Kwa hiyo chukudu yaenda sawasawa. Sasa kamba ikikatika ghafla na magunia yakaanguka, mtu huyo atafanya nini? Ataanguka kifudifudi. Si kwamba aliyapenda yale magunia. Alikuwa akisukuma, na kile alichokuwa akikisukuma kimetoweka.

Ndivyo mwili unavyofanya. Mofini na tramadoli hutuliza mishipa ya fahamu. Hupunguza maumivu, huleta usingizi, hufanya choo kuwa kigumu, hufinya mboni za macho. Mwili, ukiona kila siku watulizwa hivyo, huanza kusukuma upande wa pili ili uweze kufanya kazi zake: mishipa huongeza nguvu yake yenyewe. Baada ya wiki chache mizani imesimama. Dawa yavuta huku, mwili wasukuma kule, na mgonjwa aishi vizuri. Lakini dawa ikiondolewa kwa siku moja, msukumo wa mwili wabaki bila kitu cha kuuzuia. Kila jambo ambalo dawa ililifanya hugeuka kinyume chake. Aliyelala vizuri hapati usingizi. Aliyefunga choo aharisha. Mboni zilizokuwa ndogo zapanuka. Aliyetulizwa maumivu aumwa mwili mzima, hata mahali ambapo hapakuwa na jeraha. Miayo, machozi, kamasi, jasho na vipele vya baridi huja pamoja. Vijana wa Dar es Salaam na Mombasa huiita hali hiyo arosto.

Jambo hili halichagui mtu mwema wala mbaya. Litampata karibu kila mtu anayemeza dawa ya ukoo huo kila siku kwa wiki kadhaa. Hata mtoto mchanga, ambaye mama yake alimeza mofini kila siku alipokuwa mjamzito, huweza kuzaliwa na mazoea ya mwili, akalia na kutetemeka siku za kwanza. Nani atathubutu kumwita mtoto huyo mlevi? Tena kuna dawa nyingine zisizolevya kamwe ambazo mwili huzizoea, kama predinisoloni na baadhi ya dawa za shinikizo la damu. Mganga huzipunguza polepole, wala hakuna jirani anayemcheka mgonjwa.

Tuchukue mfano. Mtu huyu hana jina, maana tumemkusanya kutoka katika mambo yanayotokea kwa wengi. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma na hospitali kama ile ya CBCA ya Ndosho zikajaa majeruhi, risasi ilivunja mfupa wa muundi wa seremala mmoja. Alipasuliwa, akafungwa vyuma, kidonda kikaingia usaha, akapasuliwa tena mara mbili. Alipewa tramadoli ya miligramu 50: vidonge viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku. Yaani miligramu 300 kwa siku, na kipimo cha juu kabisa kwa mtu mzima ni 400. Alimeza hivyo kwa miezi mitano. Alikuwa ameanza kuketi kwenye kigoda na kupiga randa, akitengeneza viti vya watoto.

Mwisho wa Juni mdogo wake alikuja kumtazama. Aliona kopo la vidonge, akaliweka mfukoni. "Kaka amekuwa kama vijana wa sokoni," aliwaambia watoto. "Tumwokoe mapema." Hayo yalikuwa Ijumaa usiku.

Jumamosi mchana seremala alianza kupiga miayo isiyokwisha, na pua ikamtiririka kama mwenye mafua. Usiku hakulala, miguu yake haikutulia kitandani. Jumapili aliharisha mara nne, akatoka jasho na huku anasikia baridi, mikono na mgongo vikamwuma. Aliomba dawa yake. Aliomba tena. Mwishowe alimpigia mdogo wake kelele, jambo asilolifanya tangu utoto wao. Naye mdogo akawageukia watoto akasema, "Mnaona? Hivyo ndivyo wafanyavyo walevi wa dawa."

Tazama jinsi kosa hili linavyojitengenezea ushahidi. Kukatiwa dawa ndiko kulikomfanya aonekane mlevi, na kuonekana mlevi kukawa sababu ya kuendelea kumkatia.

Jumatatu binti yake mkubwa alikwenda kwenye kituo cha afya, akamweleza muuguzi mambo yote. Muuguzi hakuuliza kwanza juu ya jasho wala kuhara. Aliuliza mambo mengine.

"Mwanangu, vidonge vilivyobaki ndani ya kopo vyalingana na siku?"

"Vyalingana, Mama. Mimi mwenyewe nilikuwa navihesabu."

"Aliwahi kumeza zaidi ya alivyoagizwa?"

"Hapana. Ila mara mbili alisahau vya mchana. Alikuwa anamaliza benchi la jirani."

"Alisahau!" muuguzi alisema, akatabasamu. "Mtu aliyetekwa na dawa husahau benchi, mwanangu. Dawa hasahau."

Aliuliza pia kama baba alikuwa akificha vidonge, kama alinunua vingine kwa siri, kama aliuza kitu cha nyumbani. Aliuliza dawa ilimfanya aishi zaidi au aishi pungufu: alipokwisha kuimeza, alikwenda kwenye kazi yake, au alijitenga na kusinzia? Majibu yote yalikuwa upande mmoja. Mwili wa mzee huyu ulikuwa umeizoea dawa. Yeye mwenyewe hakuwa mtumwa wake.

Ndipo tunapoona maana ya uraibu. Uraibu haupo katika jasho na kuhara. Upo katika sehemu nyingine ya ubongo, ile inayomfundisha mtu kutaka: kutaka chakula, kutaka maji, kutaka mwenzake. Dawa ikiiteka sehemu hiyo, kuitaka dawa kwatangulia mambo mengine yote. Alama zake ni hizi: mtu anaitamani dawa hata asipoumwa; anameza kuliko alivyokusudia, akijaribu kupunguza hawezi; na anaendelea hata anapoona inamvunjia kazi, ndoa au afya. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote.

Linganisha na kijana mwingine, wa mtaa ule ule, ambaye naye ni mfano wetu tu. Alianza kumeza tramadoli ili abebe mizigo kutwa bila kuchoka. Kwanza vidonge viwili, kisha vinne, kisha vinane. Aliuza simu ya dada yake. Siku moja alikamatwa kwa ugomvi, akakaa kifungoni wiki tatu bila dawa. Siku za kwanza aliteseka kama yule seremala. Lakini ilipokwisha wiki ya pili alikula vizuri na kulala. Mwili wake ulikuwa umejirudia. Mazoea ya mwili yalikuwa yamekwisha. Siku alipofunguliwa, kabla hajafika nyumbani kumsalimu mama yake, alipitia kwa muuza vidonge.

Basi seremala ana mazoea ya mwili bila uraibu. Kijana, siku ile ya kufunguliwa, ana uraibu bila mazoea ya mwili. Mambo hayo mawili yaweza kukaa pamoja, na kwa mraibu wengi hukaa pamoja. Lakini moja si lingine.

Tusidanganyane kwa upande wa pili. Mgonjwa anayeanza na maumivu ya kweli aweza kuishia katika uraibu. Mwaka 2015 wataalamu waliokusanya tafiti nyingi juu ya watu wenye maumivu ya kudumu wanaotumia dawa za ukoo huu, hasa katika nchi tajiri, walikadiria kwamba kati ya wagonjwa 100, kama 8 hadi 12 wana uraibu. Si wengi, lakini si wa kupuuza. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtu aliyewahi kutekwa na pombe, au mwenye huzuni nzito isiyotibiwa. Aonaye vidonge vya mwezi vyaisha katika wiki mbili, na kila mara kuna hadithi mpya ya kopo lililopotea, asinyamaze, amweleze mganga.

Hata hapo yafaa kuwa mwangalifu, maana kuna hali moja inayowapoteza wengi. Mgonjwa anayepewa dawa pungufu naye hutazama saa, hunung'unika, huomba mapema, hata huficha kidonge kwa ajili ya usiku. Afanana sana na mraibu. Njia ya kuwapambanua ni kutuliza maumivu ipasavyo na kungoja. Mganga akirekebisha kipimo, au akitibu usaha uliokuwa unauma, mwenye maumivu hutulia, akaacha kudai, akarudi kwenye shughuli zake. Mraibu hatulii, baada ya siku chache atataka zaidi. Twasema mganga, si jamaa. Asiwepo wa nyumbani anayeongeza kipimo kwa kukisia.

Turudi kwa seremala. Mganga hakumrudishia miligramu 300 mara moja, kwa kuwa mwili ukikaa siku kadhaa bila dawa huanza kupoteza nguvu yake ya kuistahimili. Alimwagiza vidonge viwili asubuhi na viwili usiku, yaani 200. Baada ya saa mbili hivi miayo na kamasi vilikoma. Usiku ule alilala. Mguu ulivumilika kwa kipimo hicho, basi wakabaki hapo. Agosti, picha ya mfupa ilipoonyesha kwamba umeshikana, wakaanza kushuka: miligramu 150 kwa wiki mbili, 100 kwa wiki mbili, kisha kidonge kimoja tu usiku kwa wiki tatu.

Msomaji ataona kwamba hatua zote ni za kidonge kimoja, lakini si sawa kwa mwili. Kushuka kutoka 200 hadi 150 ni kupoteza robo. Kutoka 100 hadi 50 ni kupoteza nusu. Na kutoka 50 hadi kutomeza kitu ni kupoteza vyote. Kwa hiyo hatua za mwisho ndizo zinazouma, na ndizo zinazohitaji siku nyingi zaidi. Seremala alikosa usingizi usiku mbili tatu baada ya kila hatua, na alipofika 50 alisikia wasiwasi na kama vishindo vidogo kichwani, jambo ambalo tramadoli huweza kulileta kuliko mofini. Hali ingalikuwa mbaya, mganga angalimwacha palepale kwa muda, bila kumpandisha. Mwisho wa Septemba alimaliza, wala hakuitafuta dawa tena. Mdogo wake alishangaa. Lakini hakuna ajabu: mazoea ya mwili, dawa ikipunguzwa polepole, huisha yenyewe. Ni uraibu usiokwisha kwa kupunguza vidonge tu. Huo huhitaji matibabu yake, na watu wa kumtegemeza mgonjwa kwa miezi na miaka.

Si kila mgonjwa atashushiwa dawa. Mwenye saratani inayoendelea atahitaji kutulizwa muda wote maumivu yapo, na mazoea ya mwili hayatamdhuru maadamu dawa haikatiki. Jirani zetu wa Uganda wamelifahamu hilo zamani. Tangu mwaka 1993, Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na mganga Anne Merriman, imewapelekea wagonjwa wa namna hiyo mofini ya maji hata nyumbani kwao. Na mwaka 2004 sheria ya Uganda iliruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo waagize mofini wenyewe. Na kama katika familia yupo anayedhani ni dhambi kwa mgonjwa kutulizwa hivyo, ajue kwamba Papa Pius XII aliulizwa swali hilo hilo na waganga, akawajibu tarehe 24 Februari 1957 kwamba yaruhusiwa.

Yapo mambo ambayo jamaa wa mgonjwa lazima ayakumbuke, kwa sababu hayo huua. La kwanza ni kurudi kwenye kipimo cha zamani baada ya kuacha kwa siku nyingi. Kijana wetu aliyetoka kifungoni, akimeza vidonge vinane kama zamani, ameza kwa mwili usiosukuma tena. Pumzi yaweza kusimama usingizini. La pili ni kuchanganya dawa hizi na pombe, au na vidonge vya usingizi kama diazepamu. La tatu ni la tramadoli hasa: ikizidi kipimo, na wakati mwingine hata kabla ya hapo kwa mwenye kifafa, huleta degedege kwa mtu mzima.

Mtu aliyezidiwa hafanani hata kidogo na mtu aliyekatiwa dawa. Aliyekatiwa hatulii, macho yamepanuka, yuko macho usiku kucha. Aliyezidiwa haamki ukimwita, mboni ni ndogo kama ncha ya sindano, anakoroma au anapumua mara chache mno, midomo inageuka rangi. Huyo alazwe ubavu na apelekwe hospitali mara moja. Iko sindano ya naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi. Aliyekatiwa naye apelekwe kwa mganga, lakini asubuhi haijachelewa.

Binti wa seremala alifanya jambo moja zaidi, ambalo muuguzi alimwagiza siku ile ya kwanza. Alilifungia kopo ndani ya sanduku lenye kufuli, akawa anaandika katika daftari la shule tarehe, saa na idadi ya vidonge. Mwanzoni baba yake alichukizwa, akadhani anashukiwa. Alipoelezwa kwamba daftari ndilo litakalomjibu baba mdogo siku atakapokuja tena na maneno yake, alicheka, na tangu siku hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyelidai kila usiku ili atie alama.